Kifo cha Ikemefuna: jinsi tulivyofupisha riwaya ya Achebe kwa mtihani wa insha

Muhtasari wa riwaya kwa ajili ya mtihani wa insha haufanyi kazi ya kumkumbusha mwanafunzi hadithi, kwa sababu mtu aliyesoma kitabu hadi mwisho huwa anaikumbuka hadithi. Kazi yake ni kumwezesha, akiwa amekaa ndani ya ukumbi bila kitabu mkononi, kuchukua tukio moja na kulitumia kujibu swali ambalo hakulitarajia. Niliielewa tofauti hiyo nilipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma, katika somo la riwaya ya Kiafrika, na kitabu kilichonifundisha ni riwaya ya Chinua Achebe iliyotoka mwaka 1958, Things Fall Apart, ambayo wasomaji wengi wa Kiswahili wanaifahamu kwa jina la tafsiri yake, Shujaa Okonkwo. Mtihani wenyewe uliandikwa kwa Kiingereza, na dondoo zake tulizihifadhi kwa Kiingereza, lakini majadiliano yote tuliyafanya kwa Kiswahili katika chumba cha kupanga kule Ng'ong'ona, na ndiyo maana hapa nazitoa dondoo hizo kwa maana yake ya Kiswahili.

Wanafunzi tuliowakuta chuoni walikuwa na madokezo yaliyopita mikono mingi, yakitolewa fotokopi mwaka hadi mwaka mpaka herufi za pembeni zikakatika. Yalikuwa na vichwa vinne: muhtasari wa hadithi, dhamira, wahusika, na dondoo muhimu. Kila kichwa kilijitegemea. Chini ya dhamira uliandikwa mstari kama "mgongano wa tamaduni" au "nafasi ya mwanamke", chini ya wahusika ukasoma kwamba Okonkwo, mhusika mkuu, ni mkali na mchapakazi, na ukurasa wa mwisho ulijaa dondoo zisizosema ni nani aliyezitamka wala alimwambia nani. Hakuna kilichokuwa cha uongo mtupu katika madokezo hayo. Shida ilikuwa kwamba mtu aliyeyakariri alifika ukumbini akiwa na mafungu manne kichwani, na swali likamtaka ayaunganishe ndani ya dakika chache, kazi ambayo hakuwahi kuifanya kwa utulivu.

Mhadhiri wetu alikuwa na sentensi moja aliyoirudia kila aliporudisha insha zetu za majaribio: "Hadithi naijua. Niambieni inathibitisha nini." Aliyasema hayo kwa upole, lakini alama alizitoa kwa kipimo hichohicho. Insha iliyosimulia kwa ufasaha kuanzia Okonkwo anapomwangusha Amalinze kwenye mieleka hadi anapojinyonga ilipata alama ndogo kuliko insha fupi iliyochukua matukio matatu na kuyapekua.

Kwa hiyo kundi letu liliamua kuacha vichwa vinne na kufupisha kwa kufuata matukio. Riwaya hiyo ina sura 25 zilizogawanywa katika sehemu tatu: sura 13 za kwanza ziko Umuofia, kwao Okonkwo, sura sita zinazofuata ziko Mbanta, kijiji cha ujombani ambako Okonkwo anaishi uhamishoni kwa miaka saba, na sura sita za mwisho zinamrudisha Umuofia ambako serikali ya kikoloni na kanisa vimekwisha kuota mizizi. Kutoka katika sura hizo tulichagua matukio yasiyozidi kumi. Kila tukio tulilipa karatasi yake, na juu ya karatasi hiyohiyo tukaandika sababu zake, matokeo yake, dhamira inayobebwa, mhusika anayebadilika au anayekataa kubadilika, na maneno machache ya kitabu yanayolithibitisha.

Kuchagua matukio ndiko kulikotuchukua muda, kwa kuwa kila mmoja wetu alikuwa na sura aliyoipenda. Kipimo tulichokubaliana kilikuwa rahisi. Ukisimulia msuko wa riwaya na ukajikuta unaunganisha matukio mawili kwa neno "halafu", jaribu kuweka "kwa sababu hiyo" mahali pake. Likikubali, tukio la kwanza lina uzito na linastahili karatasi. Likikataa, huenda tukio hilo ni pambo, au ni taarifa ya mandhari ambayo inatosha kutajwa kwa nusu sentensi. Karamu ya viazi vikuu, kwa mfano, ni sura nzuri sana kuisoma, na inaonyesha jamii ya Waigbo ikiishi kwa mpangilio wake kabla ya wakoloni, lakini karamu yenyewe haisababishi jambo linalofuata. Kinachosababisha ni hasira ya Okonkwo wakati wa maandalizi, anapompiga mkewe Ekwefi na kumlenga kwa bunduki. Hapo hapo unaona mtu ambaye silaha yake hutangulia fikra zake, na silaha hiyo itarudi.

Tukio ambalo nataka kulieleza kwa kirefu ni kifo cha Ikemefuna katika sura ya saba, kwa sababu ndilo lililonionyesha kwamba muhtasari mbaya unaweza kuua hoja kabla mtahiniwa hajaanza kuandika.

Madokezo ya fotokopi yalilifupisha tukio hilo hivi: Okonkwo anamuua Ikemefuna kwa kutii amri ya mzimu wa Vilima na Mapango. Ni sentensi fupi, inakaririka, na inaharibu kila kitu. Ukirudi kitabuni unakuta mpangilio tofauti. Ikemefuna ni kijana aliyetolewa na kijiji cha Mbaino kama fidia baada ya mwanamke wa Umuofia kuuawa huko, na kwa miaka mitatu ameishi katika boma la Okonkwo akimwita baba. Mzimu unapotamka kwamba lazima auawe, mzee Ezeudu anakwenda kwa Okonkwo na kumwonya: "Mtoto huyo anakuita baba. Usitie mkono katika kifo chake." Kwa maneno mengine, jamii inataka kifo hicho, lakini haimtaki Okonkwo akitekeleze. Anaweza kubaki nyumbani bila kuvunja sheria yoyote.

Hata hivyo anakwenda pamoja na wanaume wengine. Ikemefuna anatembea mbele akiwa amebeba mtungi wa tembo kichwani, na kwa muda anajisikia salama kwa kuwa yule anayemwita baba yuko nyuma yake. Kisha mtu mmoja anakohoa, kijana anageuka, anaamriwa kwa sauti ya kutisha aendelee mbele, na anajiuliza kwa nini Okonkwo amerudi mwisho wa msafara. Mtu yule anapoinua panga, Okonkwo anatazama pembeni. Pigo la kwanza si lake. Mtungi unaanguka mchangani na kuvunjika, kijana anamkimbilia akilia, "Baba, wameniua!", na hapo ndipo Okonkwo, akiwa amepigwa butwaa la hofu, anachomoa panga lake na kummaliza. Msimulizi anaongeza maneno machache tu: "Aliogopa kudhaniwa dhaifu."

Msomaji akiyaweka mambo hayo kwa mpangilio wake, anaona kuna kurudi nyuma, kuna kutazama pembeni, na kuna pigo la mtu mwingine lililotangulia. Mambo hayo matatu ndiyo yanayothibitisha kwamba mwili wa Okonkwo haukutaka kuua, na kwamba mkono wake ulisukumwa na hofu ya macho ya wanaume wenzake na wala si utiifu kwa mzimu. Mwanafunzi aliyeandika "kwa kutii amri ya mzimu" atajibu swali la dini za jadi, tena vibaya, na atabaki mikono mitupu akiulizwa kama Okonkwo anaangamizwa na wakoloni au anajiangamiza mwenyewe. Tangu siku tulipolisoma tukio hilo kwa sauti chumbani, mstari kwa mstari, tulikubaliana kwamba tukio kubwa lazima lifupishwe kutoka kitabuni, wala si kutoka kwenye muhtasari wa mtu mwingine, hata kama muhtasari huo umesifiwa na wengi.

Karatasi ya tukio hilo ilipata sababu mbili na matokeo matatu. Sababu ya mbali ni Unoka, baba yake Okonkwo, mpiga filimbi na mdaiwa wa kila mtu, ambaye mwanawe aliapa kutofanana naye kwa lolote, hata kwa upole. Sababu ya karibu ni kauli ya mzimu na kundi la wanaume wanaotazama. Matokeo ya kwanza yako katika sura ya nane, ambapo Okonkwo anakaa siku mbili bila kuonja chakula na kujikemea kwamba amekuwa kama mwanamke. Matokeo ya pili ni Nwoye, mwanawe wa kumzaa, aliyemjua Ikemefuna kama kaka. Baba anaporudi usiku ule, Nwoye anaelewa bila kuambiwa, na kitu fulani ndani yake kinalegea kama upinde uliokazwa ukakatika. Matokeo ya tatu ni mazungumzo na rafiki yake Obierika, ambaye alikataa kwenda na msafara na ambaye anasema kwamba mzimu ungeamuru mwanawe auawe asingepinga, lakini pia asingekuwa mtu wa kuitekeleza amri hiyo.

Maneno ya Obierika yana thamani kubwa kwa mtahiniwa, na nilishangaa kuona jinsi yalivyokosekana katika madokezo ya zamani. Yanavunja ile hoja nyepesi kwamba Umuofia yote ilifikiri sawa. Ezeudu, mzee wa heshima, na Obierika, mwenye cheo na mali, wote wawili wameishi ndani ya mila hiyohiyo na kupata namna ya kuiheshimu bila kumwaga damu ya mtoto wa nyumbani. Kwa hiyo ukatili wa Okonkwo hauwezi kutajwa kama ukatili wa mila peke yake. Insha inayoliona jambo hilo huwa imeshapanda ngazi moja juu ya insha za kawaida.

Hapo ndipo tulipojifunza kuandika dhamira kama sentensi kamili. Neno "hofu" peke yake ni mada tu, haliwezi kubishaniwa wala kuthibitishwa. Tuliliandika upya likawa: hofu ya kuonekana dhaifu inamsukuma Okonkwo kufanya ukatili ambao hata jamii yake haikumtaka afanye. Sentensi kama hiyo ina mtu, ina kitendo, ina sababu, na muhimu zaidi, mtu anaweza kuipinga. Kama hakuna anayeweza kuipinga, basi huenda haisemi kitu. "Riwaya hii inaonyesha umuhimu wa utamaduni" ni kauli ambayo ingeweza kuandikwa juu ya riwaya nyingi sana bila mtu kuifungua hata moja, na mtahini anayesahihisha rundo la vitabu vya majibu ataipita bila kuweka alama.

Ukuaji wa mhusika ulitusumbua zaidi kuliko dhamira. Wengi wetu tulitoka sekondari tukiwa na mgawanyo wa wahusika bapa, duara na foili, na kwa haraka tukamwita Okonkwo mhusika duara, yaani anayebadilika, kwa sababu ndiye mkuu. Dada mmoja tuliyesoma naye, mwenyeji wa Kongwa, alitusimamisha. "Nionyesheni sura ambayo amebadilika," alisema. Tulitafuta. Tulimkuta Mbanta, ambako mjomba wake Uchendu anamkalisha mbele ya ndugu na kumfundisha maana ya jina Nneka, yaani mama ni mkuu, ili aelewe kwamba mtu aliyepatwa na msiba hukimbilia kwa watu wa mama yake bila aibu. Okonkwo anasikiliza, anamshukuru, anaishi kwa ukarimu wao miaka saba, na bado anaondoka akiamini kwamba angepanda juu zaidi laiti angekuwa Umuofia, katika ukoo wa baba yake. Anafundishwa na hafundishiki.

Kwa hiyo kwenye karatasi zetu tulitenganisha mambo mawili: mhusika kuwa na undani, na mhusika kubadilika. Okonkwo ana undani mkubwa, kwa kuwa siku mbili za kukataa chakula zinaonyesha huruma anayoipigania isitoke nje. Lakini habadiliki, na msiba wake unatokana na hilo. Anayebadilika ni Nwoye. Mabadiliko yake tuliyaandika kama mwendo wa hatua, kila hatua ikiwa na sura yake: mtoto anayependa hadithi za mama yake lakini anajilazimisha kusifu hadithi za vita ili baba afurahi, kijana ambaye kitu kinakatika ndani yake usiku wa kifo cha Ikemefuna, kisha kijana anayevutwa na wimbo wa wamisionari katika sura ya 16 juu ya ndugu wanaokaa gizani na katika hofu. Achebe mwenyewe anasema pale kwamba wimbo huo ulionekana kujibu swali lililomsumbua Nwoye kuhusu mapacha waliotupwa wakalia porini na kuhusu Ikemefuna aliyeuawa. Hakuna haja ya kubuni uhusiano, umeandikwa. Sura ya saba inazaa sura ya 16, na mtahiniwa anayeweza kuonyesha hivyo ameshaunganisha msuko, dhamira na mhusika katika aya moja.

Nikisema ukweli wa moyo wangu, hii ndiyo sehemu ya kitabu ninayoiona kuwa nzito kuliko zote, hata kuliko kifo cha Okonkwo mwenyewe. Kanisa halikumpata Nwoye kwa hoja za kitheolojia, ambazo kitabu kinasema hakuzielewa. Lilimpata kwa kuwa lilikuwa na nafasi kwa swali ambalo nyumbani kwao halikuruhusiwa kuulizwa.

Kuhusu dondoo, tulikuwa wakali. Kila karatasi iliruhusiwa dondoo moja au mbili, na kila dondoo ilipaswa kuwa fupi kiasi cha kukaa ndani ya sentensi ya mwandishi bila kuvunja mwendo wake. Maneno manne hadi kumi yanatosha. Dondoo ya mistari mitano haikaririki bila makosa, inakula muda, na mara nyingi mwanafunzi anaiandika yote kwa sababu hajui ni neno gani ndani yake linalobeba hoja. Pembeni ya kila dondoo tuliandika nani anasema, anamwambia nani, katika sura ya ngapi, na ni dhamira zipi inazoweza kuhudumia. Tulitumia namba ya sura badala ya ukurasa, kwa kuwa nakala zetu zilikuwa za matoleo tofauti na kurasa hazikulingana.

Swali la nani anasema lina mtego wake. "Aliogopa kudhaniwa dhaifu" si maneno ya Okonkwo. Ni ya msimulizi, na Okonkwo asingeweza kuyatamka hata angepewa cheo cha juu kabisa, maana angekuwa amekiri lile analolikimbia maisha yake yote. Niliona insha zaidi ya moja iliyoandika kwamba "Okonkwo anasema aliogopa kudhaniwa dhaifu", na mhadhiri akaweka alama ya kuuliza pembeni. Mwanafunzi alikuwa na dondoo sahihi, lakini kwa kumpa mhusika maneno ya msimulizi alikuwa amegeuza tabia ya mhusika huyo. Sheria nyingine tuliyojiwekea ni kwamba neno likikutoroka ukumbini, ondoa alama za kunukuu na ueleze kwa maneno yako. Maelezo sahihi yanapata alama. Dondoo iliyobuniwa inamfanya msahihishaji atilie shaka hata zile zilizo sahihi.

Dondoo ya Ezeudu ndiyo iliyotufaa kuliko zote, kwa sababu inafanya kazi mara mbili ndani ya kitabu chenyewe. Katika sura ya 13 ngoma ya msiba inalia usiku kutangaza kwamba Ezeudu amefariki, na Okonkwo anahisi baridi mwilini akikumbuka kwamba mara ya mwisho mzee yule alipomtembelea alimwambia asitie mkono. Kwenye maziko hayohayo bunduki ya Okonkwo inapasuka na kumuua mtoto wa Ezeudu mwenye umri wa miaka 16, na kwa kosa hilo la bahati mbaya anafukuzwa miaka saba. Alimuua kijana mmoja kwa mkono wake na hakuadhibiwa na mtu; akamuua mwingine bila kukusudia na nyumba zake zikachomwa. Mpangilio huo ni wa mwandishi kwa makusudi, na tulikesha tukibishana kama Achebe anataka tuuone kama adhabu ya mungu wa ardhi au kama kejeli ya sheria. Hatukukubaliana, na sidhani tulihitaji kukubaliana. Mtahini hutaka kuona upande uliouchagua na ushahidi ulioutoa.

Wiki chache kabla ya mtihani tuliacha kusoma karatasi na kuanza kuzijaribu. Mmoja alitunga swali, mwingine akavuta karatasi bila kuchagua, na ilibidi atumie tukio hilohilo kulijibu. Swali likiwa juu ya uanaume na udhaifu, karatasi ya sura ya saba inaingia moja kwa moja. Likiwa juu ya kuingia kwa Ukristo, inaingia kupitia Nwoye. Likiwa juu ya nafasi ya mila, inaingia kupitia Ezeudu na Obierika. Lakini swali likiwa juu ya utawala wa kikoloni, wilaya, mahakama na matarishi, karatasi hiyo haifai, na kuilazimisha kunaonekana. Hapo unahitaji karatasi ya Obierika akisema katika sura ya 20 kwamba mzungu ameweka kisu kwenye mambo yaliyotushikamanisha na sasa tumesambaratika, au ya mkuu wa wilaya katika sura ya 25, ambaye baada ya kuiona maiti ya Okonkwo anarudi mahakamani akiwaza kumpa aya moja ya kutosha katika kitabu anachokusudia kuandika. Kujua mpaka wa kila karatasi kulitusaidia sawa na kujua yaliyomo.

Aya tuliyoizoea kuiandika ilikuwa na mwendo kama huu: "Hofu ya udhaifu inamfanya Okonkwo kuvuka hata mpaka aliowekewa na wazee wake. Ezeudu anamwonya 'usitie mkono', na safarini yeye mwenyewe anarudi nyuma na kutazama pembeni pigo la kwanza linaposhuka. Lakini Ikemefuna anapomkimbilia akimwita baba, anamkata, kwa kuwa, kwa maneno ya msimulizi, 'aliogopa kudhaniwa dhaifu'. Kosa hili linamgharimu mwanawe, ambaye baadaye anapata katika wimbo wa wamisionari jibu la swali lililozaliwa usiku huo." Aya hiyo ina dai, ushahidi, dondoo mbili fupi na matokeo, na simulizi iliyomo ni ile tu inayohitajika ili dai lieleweke. Katika mtihani wa saa tatu, aya nne za namna hiyo ni insha nzima.

Nilipomaliza chuo nilianza kumsaidia mdogo wangu wa kidato cha nne, anayesoma hapa mjini. Yeye anafanya Kiswahili, na swali la riwaya kwa ngazi yake kwa kawaida humtaka atumie riwaya mbili na kutoa hoja kadhaa, mara nyingi tatu, kutoka katika kila moja. Alikuja na orodha: mila potofu, nafasi ya mwanamke, mapenzi, umaskini. Kitabu kimojawapo kilikuwa Takadini cha Ben Hanson, hadithi ya Sekai wa Zimbabwe anayejifungua mtoto mwenye ualbino baada ya kumsubiri mtoto kwa miaka, na kwa kuwa mila inataka mtoto huyo afe, anamkimbiza hadi kijiji kingine.

"Kaka, sasa kukimbia kwake ni dhamira au ni tukio?" aliniuliza.

Nilimwambia ni tukio, na kwamba dhamira ni kile atakachosema tukio hilo linathibitisha. Alikaa nalo jioni nzima, akafuta "mila potofu", na mahali pake akaandika kwamba mila ya kuwaua watoto wenye ualbino inadumu kwa sababu kila mtu anaogopa kuwa wa kwanza kuikataa, na inapata mpinzani Sekai anapochagua kupoteza nyumba yake kuliko kumpoteza mwanawe. Kisha akauliza kama "nafasi ya mwanamke" inaweza kukaa kwenye karatasi hiyohiyo, kwa kuwa aliyekimbia ni mama na waliobaki na mila ni wazee wanaume. Nilimjibu inaweza, ila kwenye mtihani asiitumie mara mbili kwa hoja mbili tofauti bila kuonyesha kitu kipya, kwa hiyo alihitaji tukio jingine la Sekai katika kijiji kilichompokea. Akakifungua kitabu na kuanza kulitafuta.